Mafunzo kumi na mawili, kisa kimoja

Siku hizi kijana akitimiza miaka mitano kazini huona hajakamilisha jambo mpaka aandike orodha: "Mambo 12 niliyojifunza." Wa bandarini wanaziandika, wa mahotelini wanaziandika, na wauguzi pia hawakubaki nyuma. Tatizo ni kwamba ukizichanganya orodha tatu za watu wa kazi tatu mbalimbali, hutajua ipi ni ya nani. Zote zitakwambia usikate tamaa, umjali mteja na ukague kazi yako mara mbili.

Mwenye orodha kama hiyo kwa kawaida ana kisa kimoja kizuri kilichofichwa ndani yake. Hebu tuone kinavyotolewa. Mfano wenyewe nimeutunga, lakini aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya uwakala wa forodha Mombasa hatauona mgeni.

Karani mmoja ameandika mafunzo 12. La kwanza, kujuana na watu ni mtaji. La pili, usikate tamaa. La nne, kagua kila kitu mara mbili. La saba, jifunze kwa waliokutangulia. La kumi, mawasiliano ndiyo kila kitu. Yaliyobaki ni ndugu wa hayo.

Kazi ya kwanza ni kupita kila fungu na swali moja tu: lini? Ni siku gani hasa jambo hili lilikufunza? Usikubali jibu la "kila siku" wala "katika safari yangu." Fungu lisilokuwa na siku yake ni la watu wote, na msomaji analo tayari kutoka kwa bibi yake. Likate. Mara nyingi katika 12 hubaki mawili au matatu.

Kwa karani wetu yamebaki mawili: la nne na la saba. Hapo sasa unauliza la pili: tangu siku ile, ni kitu gani unachokifanya kwa mkono wako ambacho hapo awali hukukifanya? Kuhusu la saba anajibu kwamba anawaheshimu zaidi wazee wa ofisi. Ni vyema, lakini hiyo ni hisia. Kuhusu la nne anasema hapeleki tena entri ya forodha kabla ya mwenzake kumsomea tarakimu kutoka kwenye karatasi iliyotoka kwa muuzaji.

Simama hapo, maana kuna jambo. Orodha ilisema "kagua mara mbili." Mkono wake unafanya kitu kingine kabisa. Mwulize basi: siku ile ulikagua mara ngapi? Anajibu, mara tatu.

Kwa hivyo fungu la nne, lile alilolinadi kwa watu wote, halikuwa somo lake. Alikagua mara tatu na mzigo ukakwama vilevile. Hii ndiyo faida kubwa ya kugeuza orodha kuwa kisa, na kwa maoni yangu inapita hata ile ya kumfurahisha msomaji. Katika orodha mtu anaweza kubeba somo ambalo hakulipata, na hakuna atakayemshika. Kisa kina siku, karatasi na tarakimu, na somo la uongo halikai ndani yake.

Baada ya hapo unakusanya vitu vya siku ile: alikuwa ameshika karatasi gani, tarakimu gani ilikosewa, nani aliigundua na alisema nini, zilipotea siku ngapi, na nani alilipa. Jina la mteja na la kampuni liache nje, kisa hakipungukiwi kwa hilo. Kisha andika kwa mpangilio wa wakati, uanze karibu na tukio. Miaka mitatu ya chuo na furaha ya kuajiriwa haina kazi hapa. Kikikamilika kitakuwa hivi:

"Alhamisi moja nilikuwa na kontena la vigae la kutoa bandarini. Ili nisianze upya, nilifungua faili la mzigo wa jana yake nikabadilisha jina la mteja, uzito na thamani. Idadi ya makatoni ilibaki ile ya jana, 540. Nikachapa entri, nikailinganisha na shiti yangu mara tatu. Kila mara zilikubaliana, kwani entri niliitoa kwenye shiti hiyohiyo. Jumatatu afisa wa forodha alifungua kontena akahesabu makatoni 612, akasimamisha mzigo. Tuliandika barua ya maelezo, tukaomba kurekebisha, tukangoja. Siku za bure za bandari zikaisha na ada ya kuhifadhi ikaanza kuhesabiwa. Mzee wa ofisi yetu aliitazama ile entri akaniuliza, 'Mwanangu, hii 540 umeisoma wapi?' Nikamwambia, 'Kwenye shiti yangu, mzee.' Hakusema zaidi. Alinyoosha mkono akitaka orodha ya vifurushi ya muuzaji, na juu yake palikuwa na 612 kwa wino mweusi. Mzigo ulitoka siku tano baadaye, na ada ile ililipwa na ofisi. Tangu hapo mimi natazama entri, na mwenzangu ananisomea kutoka kwenye karatasi ya muuzaji."

Angalia yaliyotokea kwa fungu la saba. Halikutajwa, lakini mzee yupo, na swali lake moja ndilo lililofungua jambo. La kumi pia limo ndani ya ile barua ya maelezo. Somo lenyewe limetajwa mara moja, kama kitendo, na anayefanya kazi hiyo anaweza kuanza nalo kesho asubuhi.

Makosa yanayorudi sana hapa ni mawili. La kwanza ni kuirudisha orodha kwa mlango wa nyuma: kisa kimekwisha vizuri, halafu mwandishi anaongeza "pia nilijifunza uvumilivu, umoja na bidii." Msomaji akishapewa manne hatabeba hata moja. La pili ni somo kuwa pana kuliko kisa. Makatoni 72 yaliyopotea kwenye karatasi hayawezi kumfunza mtu "maana ya maisha". Yanaweza kumfunza jinsi ya kukagua entri, basi.

Ukitaka kujua kama kisa kimekaa, msimulie mtu asiyeijua kazi hiyo, halafu kesho yake mwombe akusimulie. Akikumbuka makatoni na swali la mzee, kimekaa. Akikwambia "ulisema tuwe makini," rudi ukakate tena.

Lakini si kila orodha ya kuvunjwa. Orodha ya karatasi zinazotakiwa kabla ya kupeleka entri iache kama ilivyo, ibandikwe ukutani. Ile mtu huitazama huku mikono ikifanya kazi, akitia alama moja baada ya nyingine, na kisa kingemchelewesha. Na yale mafungu kumi yaliyokatwa, mwenyewe ayaweke tu kwenye daftari. Huenda moja likapata siku yake mwaka ujao.