Bado Siku Tatu, Nondo Iko Kwenye Mizani

Duka linafunguliwa Jumamosi. Wiki moja kabla, stetasi ya WhatsApp ya mwenye duka inaanza kuhesabu: bado siku 7, bado siku 6. Ndivyo maduka mengi mapya ya vifaa vya ujenzi Tanzania yanavyojitangaza siku hizi, wakati mwingine rangi ya ukutani haijakauka.

Hesabu hiyo ina mtego. Stetasi hukaa saa 24. Mwenye duka akiweka "Bado siku 3" Jumatano saa mbili usiku, fundi atakayeifungua Alhamisi mchana ataambiwa siku tatu ilhali zimebaki mbili. Picha ikishasambazwa kwenye makundi ya mafundi, ndiyo kabisa, itazunguka bila mwenyewe. Kwa hiyo chini ya namba iandikwe tarehe na saa ya kufungua, na stetasi iwekwe alfajiri, kabla watu hawajaingia saiti.

Kuna jambo jingine: stetasi haimfikii mtu ambaye hajahifadhi namba ya duka, wala ambaye duka halijahifadhi yake. Mafundi wanaopita kuchungulia wakati rafu zinapigwa misumari ndio wa kuombwa namba, papo hapo.

Sasa waonyeshwe nini? Picha ya ndoo za rangi zilizopangwa vizuri hupitwa tu. Nondo kwenye mizani haipitwi. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa kuwa na uzito wa takriban kilo 10.7, ikisoma kilo 9, ni nyembamba kuliko inavyoitwa. Video ya sekunde 20, mizani ikisomeka wazi, inagusa kero ambayo kila fundi anaijua. Majibu yatakayorudi ndiyo kipimo. Vidole gumba ni heshima tu, "Bosi, mnaleta mpaka saiti?" ni mteja. Swali hilo ndilo la kujibiwa kwenye stetasi ya kesho yake, kirikuu ikionekana nyuma.

Bei ya saruji isitajwe mapema, maana ya jumla ikipanda katikati ya wiki, duka litauza kwa hasara au litaanza biashara kwa ugomvi. Isubiri Ijumaa, na ofa iwe na mpaka: mifuko 50 ya kwanza, mtu mmoja asizidi mitano. Na kionyeshwe kilichomo stoo, si kilichoko njiani. Mzigo ukichelewa, tarehe mpya itangazwe siku hiyohiyo. Hesabu inayokatika kimyakimya humfanya fundi arudi kwa muuzaji wake wa zamani.

Jumamosi saa nne asubuhi, mifuko ya ofa ikiwa imeisha, kazi ya kwanza ni kutangaza kwenye stetasi kwamba ofa imeisha. Isipotangazwa, kuna mtu atakodi guta kufuata saruji ambayo haipo.