Nobu ya Gia Iliyogoma Kutoka

Kwenye gari la gia za mkono, kutoa nobu ya gia ni kazi ya dakika mbili. Dereva anaikamata nobu, anaizungusha kinyume cha mwendo wa saa, na inapanda kwenye nyuzi mpaka inaachana na fimbo. Magari mengi ya Kijapani yametengenezwa hivyo. Ndani ya nobu kuna bushi ya chuma yenye nyuzi, juu ya fimbo kuna nyuzi zinazolingana nazo, na mkono mtupu unatosha kukaza.

Taabu huja kwenye gari lililopita mikononi mwa wenyewe wawili watatu. Nobu ya kiwandani ilichakaa, mmoja akanunua nyingine dukani, akaikaza hadi mwisho, na ule mchoro wa gia ulio juu yake ukakomea ubavuni: gia ya kwanza inaelekea kwenye mlango wa abiria. Akiilegeza kidogo ili mchoro ukae sawa, nobu inacheza kila anapobadili gia. Basi anatia gundi, anageuza mchoro unyooke, anaiacha ikauke. Nobu nyingi zinazogoma zilianzia hapo. Anayekuja kuifungua miaka kadhaa baadaye hana habari ya gundi hiyo. Anaongeza nguvu tu.

Kabla ya nguvu, kuna jambo moja la kujua: nobu hiyo inatoka kwa kuzungushwa au kwa kuvutwa? Si nobu zote zenye nyuzi. BMW za gia za mkono za toleo la E46, zilizotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, zina nobu iliyosukumizwa tu kwenye fimbo na kubanwa na pete ya ndani. Hiyo huvutwa wima kuelekea juu, na anayeizungusha anavunja vijino vinavyoizuia isigeuke. Kwa upande mwingine, anayevuta nobu ya Toyota yenye nyuzi anaweza kuvuta hadi jioni bila kupata chochote, na akizidisha anaumiza viungio vya gia vilivyo chini. Nguvu inayofungua moja ndiyo inayoharibu nyingine.

Kutambua si kazi ngumu. Bandua ile kava ya ngozi au mpira inayozunguka fimbo, aghalabu inashikwa na fremu ya plastiki inayobanduka kwa vidole, kisha igeuze juu na utazame shingo ya nobu kwa tochi ya simu. Ukiona nati imekaa chini ya nobu, au nyuzi kadhaa zimejitokeza, hiyo ni ya kuzungusha. Ukiona fimbo laini inaingia moja kwa moja kwenye plastiki, kuna uwezekano mkubwa ni ya kuvuta. Ukiona bangili nyembamba ya chuma imebanwa shingoni, kama ilivyo kwenye Volkswagen Golf nyingi, hakuna gundi hapo. Ni bangili hiyo inayoshika. Hukatwa kwa koleo, na wakati wa kurudisha hufungwa mpya. Tazama pia kama kuna pete ya kuinua kwa ajili ya gia ya rivasi. Pete hiyo ina mfumo wake chini ya nobu, na haifai kushikwa wakati wa kuvuta.

Sasa chukua Toyota Corolla ya gia za mkono yenye nobu ya plastiki ya dukani, ambayo mwenyewe wa awali aliigundisha kwa supagluu. Nyuzi za fimbo ni M12x1.25, kipimo kilichozoeleka kwenye Toyota ndogo nyingi. Maana yake unene wa fimbo kwenye nyuzi ni milimita 12, na kila mzunguko mmoja kamili unaipandisha nobu kwa milimita moja na robo. Kipimo hicho kiwekwe akilini, kitakuja kuwa na faida.

Gari lizimwe, handibreki ivutwe, na tairi liwekewe jiwe ikiwa pana mteremko, kwa sababu gia itatikisika na inaweza kutoka. Kama kuna nati chini ya nobu, inaanzwa hiyo. Hapa wengi hupotea. Nati na nobu zimekazana kwa kusukumana, kwa hiyo hufunguliwa kwa kuzungushwa pande mbili tofauti. Ukitazama kutoka juu, nati inazungushwa kwa mwendo wa saa ili ishuke chini, huku nobu ikishikwa isimame au ikigeuzwa kinyume. Fundi anayeizungusha nati kinyume cha saa, kwa mazoea ya kufungua, anazidi kuikaza chini ya nobu.

Nati ikishashuka, joto linafuata. Supagluu huanza kupoteza nguvu ikifika nyuzi joto 80 hivi na kuendelea, na plastiki ya nobu nyingi huanza kulegea ikikaribia 100. Nafasi iliyopo ni nyembamba, ndiyo maana kiberiti cha gesi au bunduki ya hewa moto ya fundi rangi si vifaa vya kazi hii. Taulo dogo lililolowekwa kwenye maji yaliyotoka kuchemka, likakamuliwa kwa glavu na kuzungushiwa nobu, linafanya kazi vizuri zaidi. Juu yake funika mfuko wa plastiki ili joto lisikimbie, subiri dakika tano, kisha rudia kwa taulo lingine la moto mara mbili au tatu. Fimbo ya chuma inanyonya joto na kulipeleka chini, kwa hiyo mara moja haitoshi. Kama nobu ni ya ngozi, maji yataikunja na kuiharibu rangi. Hapo tumia draya ya nywele kwa dakika kumi hivi, ukiizungusha pande zote.

Asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, inayeyusha supagluu kweli. Lakini inayeyusha pia plastiki ya nobu na kuchuja rangi ya ngozi, na ikidondokea kwenye dashibodi inaacha baka lisilofutika. Kwenye nobu ya chuma tupu inafaa. Kwenye Corolla hii haifai.

Ifuatayo ni kushika, na hatua hii inastahili uangalifu kuliko zote. Mkono unaozungusha nobu kwa nguvu unazungusha fimbo nzima, na chini ya fimbo kuna bushi za plastiki na nyaya zinazopeleka mwendo kwenye giaboksi. Bushi hizo hazikutengenezwa zistahimili kuzungushwa. Zikipasuka, gia inalegea na kuwa ngumu kupatikana, na tatizo la nobu linakuwa tatizo la kufungua konsoli yote. Kwa hiyo fimbo ishikwe kwa vaisgripu, chini kabisa ya nyuzi, ikiwa imevishwa kipande cha ngozi au bati laini la kopo la soda. Vaisgripu ikiuma nyuzi zenyewe, nobu mpya haitaingia.

Nobu nayo hushikwa kwa ukanda wa tyubu ya tairi. Kata ukanda wa upana wa vidole viwili, uzungushe kwenye nobu kwa kuuvuta ili ubane, kisha shika juu yake kwa mkono au kwa ile spana ya mkanda inayofungulia filta ya oili. Mpira haugwaruzi na hautelezi. Mkono mmoja unazuia vaisgripu isiende, mwingine unazungusha nobu kinyume cha saa, kwa nguvu inayopanda polepole, bila kushtua. Gundi ikikatika husikika mlio mfupi mkavu, na baada ya hapo nobu inageuka kwa ugumu ulio sawasawa.

Hapo ile milimita moja na robo inaingia kazini. Kabla ya kuanza, weka alama ya kalamu kwenye fimbo, mahali nobu inapoishia. Zungusha mara nne. Nobu inayotoka kweli itakuwa imepanda milimita tano, na kwa jicho utaliona pengo. Ikiwa umezungusha mara nne na alama bado imegusana na nobu, hakuna kinachofunguka. Plastiki imeachana na bushi yake ya chuma na inazunguka juu yake bure, huku bushi ikibaki imegandia kwenye fimbo.

Likitokea hilo, nobu hiyo imekwisha na haina haja ya kuhurumiwa. Ikatwe kwa msumeno wa chuma, wima, upande mmoja tu, taratibu mpaka meno yaguse bushi. Sauti inabadilika na unga unaotoka unang'aa. Bisibisi bapa ikiingizwa kwenye mkato na kupindwa, plastiki inapasuka na bushi inabaki wazi. Sasa kuna chuma cha kushika: vaisgripu ya pili kwenye bushi, ya kwanza bado kwenye fimbo, na joto sasa linaweza kuzidishwa kwa kuwa hakuna plastiki juu, mradi kava na zulia vifunikwe kwa kitambaa kibichi. Njia hii ndiyo pekee kwa ile gundi nyekundu ya nyuzi inayotumiwa kwenye boliti za injini, maana hiyo hailegei mpaka ifikie nyuzi joto 250 hivi, na hakuna nobu ya plastiki inayovumilia hapo.

Kwa magari ya pwani, anayeshika wakati mwingine ni kutu. Dawa ya kupenyeza kutu husaidia, lakini mdomo wa nyuzi unatazama chini, kwa hiyo ipuliziwe kutoka chini kwenda juu, iachwe usiku mzima, na nobu ifutwe kabisa kabla ya kuishika. Kwenye gundi dawa hiyo haina kazi.

Nobu ya kuvuta, kama ile ya BMW, inahitaji nguvu ya kilo 40 hivi, karibu na ya kunyanyua mfuko wa simenti. Gia iwekwe ya pili au ya nne ili fimbo ielekee nyuma, mbali na dashibodi. Mikono miwili ishike chini ya kichwa cha nobu, mgongo unyooke, uso uwe pembeni. Hilo la uso si la kupuuza: nobu huachia ghafla, na iliyo njiani ni pua au meno ya anayevuta. Ikigoma, ipashwe joto kwa taulo lile lile, kisha kibao chenye mkato wa kupitisha fimbo kiwekwe chini ya nobu na kigongwe kuelekea juu kwa nyundo ya mpira, upande huu na upande ule kwa zamu.

Gari la otomatiki lina habari nyingine kabisa. Toyota nyingi za zamani zina skrubu mbili ndogo mbele ya shingo ya nobu, na waya za kitufe cha ovadraivu zimepita ndani ya fimbo. Kuizungusha au kuivuta ni kukata waya.

Wakati wa kufunga nobu mpya kwenye Corolla, nyuzi za fimbo zisuguliwe kwa brashi ya waya mpaka mabaki meupe ya gundi yaishe. Nati ya M12x1.25 iingizwe kwanza, nobu izungushwe hadi karibu na mwisho, kisha irudishwe nyuma mpaka mchoro wa gia unyooke. Hapo nati inapandishwa kinyume cha saa mpaka iibane nobu kutoka chini. Inakaa imara, mchoro unaelekea mbele, na siku ya kuifungua inatosha spana ya nati na mkono.