Presha ya Chini, Dozi ya Chini

Kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti walipita Nakuru, mjini na mashambani, wakiwapima watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Karibu nusu yao walikutwa na shinikizo la juu la damu. Miaka imesonga, na katika kliniki za eneo hilo, kuanzia hospitali kuu ambayo wakazi wengi bado wanaiita PGH hadi vituo vya afya vya Molo na Subukia, rika hilo sasa linatembea na kadi zinazosimulia habari inayoonekana njema. Presha iliyokuwa 170/100 imeteremka yenyewe hadi 115/75. Dawa hazijaongezwa na chumvi haijapunguzwa. Mgonjwa anasema presha imepona, na jamaa zake wanafurahi.

Mara nyingi kilichotokea ni kwamba moyo umechoka. Presha hutokana na mambo mawili: wingi wa damu ambayo moyo unaisukuma, na jinsi mishipa ilivyobana. Moyo uliosukuma dhidi ya mishipa migumu kwa miaka kumi au ishirini hutanuka, misuli yake hulegea, na pigo lake huwa dogo. Namba inashuka kwa sababu anayesukuma ameishiwa nguvu. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012 na kuhusisha wagonjwa 1,006 wa nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo, ulikuta kwamba shinikizo la juu ndilo chanzo kikuu cha moyo kushindwa kufanya kazi, na kwamba wastani wa umri wa wagonjwa ulikuwa miaka 52. Huko Ulaya wagonjwa wa aina hii kwa kawaida wana miaka sabini na kitu, na wengi mishipa ya moyo wao imeziba.

Moyo unapolegea, mwili hutafuta njia ya kushikilia presha. Hubana mishipa, huharakisha mapigo, na figo huzuia chumvi na maji. Kwa muda mfupi hayo husaidia. Kwa muda mrefu humaliza moyo, kwa maana kila amri ya kubana ni mzigo mwingine juu ya misuli iliyokwisha kuelemewa. Dawa zilizothibitika kurefusha maisha hufanya kazi kwa kuzikata amri hizo: enalaprili hulegeza mishipa, karvediloli hupunguza kasi ya mapigo, spironolaktoni huzuia homoni inayoshikilia chumvi. Yaani dawa zinabomoa nguzo ileile iliyokuwa ikishikilia presha. Ndiyo maana dawa ya moyo uliolegea ni dawa ya presha pia, hata kwa mgonjwa ambaye presha yake haihitaji kushushwa tena.

Kwenye karatasi mpango ni rahisi. Enalaprili huanza na miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, karvediloli na miligramu 3.125 mara mbili, kisha dozi huongezwa maradufu kila wiki mbili hivi hadi kufikia miligramu 10 au 20 za enalaprili na 25 za karvediloli, zote mara mbili kwa siku. Shabaha hizo zilitoka kwenye majaribio makubwa, na majaribio huchagua watu wake. Jaribio la PARADIGM-HF la mwaka 2014, lililoipa umaarufu dawa ya sakubitrili na valsartani, lilidai namba ya juu ya presha isipungue 100 wakati wa kuandikishwa, kisha likawaondoa waliozishindwa dawa kabla ya kuanza kuhesabu. Hata baada ya mchujo huo, asilimia 14 ya waliotumia dawa hiyo walipata dalili za presha kushuka, ikilinganishwa na asilimia 9 hivi ya waliotumia enalaprili. Mgonjwa anayeingia kliniki na 96/60 hakuwa katika kundi lililopimwa, lakini ndiye anayekaa kwenye benchi.

Tumtazame mgonjwa wa mfano, aliyekusanywa kutoka katika mambo yanayojirudia kliniki. Ni mama wa miaka 59, mkulima wa viazi huko Elburgon. Alilazwa akiwa amevimba miguu na kulala juu ya mito mitatu. Kipimo cha eko kilionyesha kwamba kila pigo linatoa asilimia 28 tu ya damu iliyojaa chumba cha kushoto cha moyo, ilhali moyo mzima hutoa zaidi ya nusu. Aliruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na kilo 65, na mfuko wenye lasiksi miligramu 40 mara mbili kwa siku, enalaprili 2.5 mara mbili, karvediloli 3.125 mara mbili na spironolaktoni 25 mara moja.

Wiki mbili baadaye presha yake ni 84/52. Akisimama dakika moja inashuka hadi 70 kwa juu, na kichwa kinazunguka hadi anashika meza. Uzito ni kilo 61. Kreatinini, kipimo cha figo, imepanda kutoka 98 hadi 160, na potasiamu ni 5.6. Hapa ndipo mkono mwepesi hufuta karvediloli na enalaprili kwenye kadi na kumwambia mgonjwa arudi baada ya mwezi. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa ghali kuliko yote katika tiba hii, kwa kuwa zinaondolewa dawa zinazomrefushia maisha na kubaki zile zinazomkausha.

Maswali ya kwanza yawe mengine. Miguu imevimba? Hapana, ni mikavu, na ulimi pia. Mikono ni baridi? Ni ya joto. Pengo kati ya namba ya juu na ya chini ni 32, zaidi ya robo ya 84. Pengo likiwa chini ya robo, moyo unashukiwa kutoa damu kidogo mno. Hapa halijafika huko. Kisha mama anaombwa amwage mfuko mezani. Pamoja na dawa mpya kuna amlodipini miligramu 10 na kile kidonge cha losartani kilichochanganywa na dawa ya kukojoa, vyote vya kliniki ya presha ya zamani. Hakuna aliyemwambia aviache, na kemisti wa mtaani aliendelea kumuuzia.

Picha sasa inaeleweka. Nafasi ya presha aliyonayo ni kama shilingi chache za mwisho wa mwezi, na nyingi zimetumiwa na dawa zisizousaidia moyo huu. Amlodipini hushusha presha lakini haimwongezei siku mgonjwa wa moyo uliolegea. Losartani inafanya kazi ileile ya enalaprili, na mbili hizo pamoja na spironolaktoni hupandisha potasiamu kwa hatari. Lasiksi mara mbili kwa siku ilifaa wodini alipokuwa amejaa maji. Sasa inakamua mtu mkavu. Mishipa iliyolegezwa na dawa huhitaji damu ya kutosha ndani yake, na ikiwapo, moyo dhaifu husukuma vizuri zaidi kuliko awali, hata presha isishuke sana kama inavyohofiwa. Ikikosekana, hata kidonge kidogo cha enalaprili humwangusha mtu.

Kwa hiyo amlodipini na losartani zinaondoka. Lasiksi inabaki mara moja, asubuhi. Spironolaktoni inakatwa nusu kwa ajili ya potasiamu. Enalaprili na karvediloli hazifutwi, ila zinatenganishwa saa: karvediloli pamoja na chakula, ili isiingie damuni kwa kishindo, na enalaprili saa mbili baadaye. Baada ya wiki moja presha ni 98/64, uzito kilo 63, kreatinini 112, potasiamu 4.7, na hashiki meza tena. Hapo karvediloli inaweza kupanda hadi 6.25, na wiki mbili mbele enalaprili hadi 5. Hazipandishwi siku moja, maana kichwa kikimzunguka haitajulikana ni kwa sababu ya ipi. Dapagliflozini miligramu 10 ingefaa pia ikiwa anaimudu: dozi yake ni moja tu, haina ngazi za kupanda, na hushusha presha kwa pointi moja au mbili hivi.

Akifika hapo na 94/60, anatembea hadi shambani na kichwa hakimzunguki, dozi zake huenda zikakomea hapo, robo au nusu ya shabaha. Si jambo la kuonea aibu. Mwaka 1999 jaribio la ATLAS lililinganisha dozi ndogo na kubwa za lisinoprili, ndugu yake enalaprili. Dozi kubwa ilipunguza kulazwa hospitalini, lakini tofauti ya vifo kati ya makundi mawili ilikuwa ndogo, kiasi kwamba haikuweza kuthibitishwa kitakwimu. Dawa nne kwa dozi ndogo humfaa kuliko moja iliyofika juu na kuzizuia nyingine. Wala 94 peke yake si sababu ya kurudi nyuma. Namba haina ugonjwa. Kinachopima kiwango ni kizunguzungu, kuanguka, figo na mkojo.

Bonde la Ufa lina jambo lake ambalo vitabu vya Ulaya havina. Mtu aliyezoea baridi ya Molo akishuka Marigat kwa wiki moja ya msiba, anatoka jasho kutwa huku akimeza lasiksi ileile. Vivyo hivyo akipatwa na kuhara. Mgonjwa aliye na mizani nyumbani ajue kwamba kilo mbili zikipotea kwa siku chache pamoja na kizunguzungu, lasiksi ndiyo ya kwanza kusimama hadi azungumze na kliniki.

Sasa tuseme mwaka na nusu umepita. Mama yuleyule anarudi na 86/70. Namba ya juu haitofautiani sana na ile ya mwanzo, lakini pengo sasa ni 16, chini ya robo. Mikono ni baridi, miguu imevimba hadi magotini, hamu ya kula haipo, na kreatinini imepanda tena. Mfuko una dawa za moyo tu. Dozi ambazo mwaka jana alizivumilia sasa zinamlaza.

Hakuna cha kuondoa kirahisi safari hii. Presha imeshushwa na moyo wenyewe, na kushindwa kwa mgonjwa kuzivumilia dawa alizozizoea ni dalili mojawapo ya kwamba ugonjwa umeingia hatua ya mwisho. Hulazwa, karvediloli hupunguzwa au husimamishwa kwa muda, enalaprili hurudi 2.5 au husubiri figo, na lasiksi, ile iliyopunguzwa mwanzoni, sasa hupanda na kutolewa kwenye mshipa. Digoksini inaweza kuongezwa kwa kiasi kidogo kwa kuwa haishushi presha, mradi figo na potasiamu vifuatiliwe. Daktari anayeona dozi zinarudi ngazi moja moja kila kliniki anapaswa kuwaita watoto wa mgonjwa mapema, mgonjwa angali na nguvu za kusema mwenyewe anataka nini: atalazwa mara ngapi zaidi, nani atasimamia mizani na vidonge, na kama angependa kupelekwa Nairobi au kubaki nyumbani Elburgon akipewa dawa za kupunguza maji na za kutuliza pumzi.