Hundi imerudi bila kulipwa: barua ya kwanza iwe ya upole, na iende leo

Tuchukue mfano wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi mjini Mombasa. Kontrakta mmoja, mteja wa miaka, amechukua mifuko 200 ya saruji kwa Sh750 mmoja na nondo 28 kwa Sh1,300 moja. Jumla ni Sh186,400. Ameacha hundi ya Ijumaa, Februari 28, 2025. Jumatatu hundi inapelekwa benki, na Jumanne mchana mhasibu wa duka anaona kwenye taarifa ya akaunti kwamba pesa zilizoingia zimetolewa tena. Benki imekata na ada yake juu. Hundi imebaunsi.

Katika nusu saa inayofuata ndipo wenye maduka wengi huharibu mambo. Mmoja anamtumia mteja ujumbe wa simu: “Umetupa cheki hewa, lipa leo au tukutane polisi.” Mwingine anaona haya kumkabili mteja wa siku nyingi, anaiweka hundi kwenye droo na kungoja aje mwenyewe dukani. Wa kwanza amemtia hatiani mtu ambaye hajamsikiliza. Wa pili anapoteza siku ambazo sheria haimpi.

Kabla ya kuandika neno lolote, soma sababu ya kurudishwa. Tangu 2011 hundi nchini Kenya hazisafiri tena zenyewe kutoka benki hadi benki. Hupigwa picha, na picha ndiyo inayosafiri. Ndiyo maana jibu huja haraka, kwa kawaida siku ya kazi inayofuata. Jibu hilo huja na sababu, na sababu hazifanani.

Anza na zile zinazoweza kuwa kosa lako mwenyewe. Huenda hundi ilikuwa na tarehe ya mbele nawe ukaipeleka mapema. Huenda ilikaa kwako zaidi ya miezi sita ikachacha. Huenda kiasi cha maneno hakilingani na cha tarakimu, na hukuiangalia ulipoipokea. Huenda ilizidi Sh1 milioni, ambacho tangu Oktoba 2009 ndicho kikomo cha hundi moja. Katika hali hizi mteja hana la kujibu. Unachomwomba ni hundi nyingine au malipo ya njia nyingine, na barua yako ianze kwa kusema hivyo.

Kisha kuna sababu zinazomhusu yeye lakini hazisemi kwamba hana pesa. Sahihi imetofautiana na ile iliyo benki, au hundi ilitakiwa kutiwa sahihi na wakurugenzi wawili na imetiwa na mmoja. Sababu ya kawaida zaidi ni ile inayomtaka mpokeaji arejee kwa mtoaji hundi, ambayo wahasibu huiandika R/D. Mara nyingi maana yake ni kwamba pesa hazikutosha, lakini benki haijatamka hivyo. Inawezekana mteja naye aliweka hundi ya mtu mwingine ambayo ilikuwa haijaiva. Kwa hiyo usiandike “huna pesa.” Andika kile kilichoandikwa na benki, basi.

Sababu mbili zinahitaji tahadhari zaidi. Kama mteja amezuia malipo, kuna jambo analolalamikia: pengine saruji ilifika imeganda, au nondo zilipungua. Hapo swali ndilo linalotangulia, dai linafuata. Kama akaunti ilishafungwa, hakuna haja ya kuzungumzia kuirudisha hundi benki. Fupisha muda wa kulipa, na mzigo wowote mwingine usitoke kabla hujasikia kutoka kwake.

Haraka nayo ina sababu yake ya kisheria. Sheria ya Kenya kuhusu hundi na hati za malipo inamtaka mwenye hundi iliyokataliwa ampe taarifa yule aliyeitoa ndani ya muda unaofaa. Kwa watu walio mahali pamoja, taarifa inatakiwa imfikie siku inayofuata baada ya hundi kukataliwa. Kwa walio mbalimbali, inatakiwa itumwe siku hiyo inayofuata. Taarifa isipotolewa, mtoaji hundi anaweza kuponyoka dai linalosimama juu ya hundi hiyo. Sheria humsamehe mwenye hundi kutoa taarifa pale ambapo benki haikuwa na wajibu wa kulipa, mfano akaunti ilipokuwa tupu, au pale mtoaji mwenyewe alipozuia malipo. Lakini ukiwa na R/D tu mkononi, huwezi kujua uko upande upi. Kutuma taarifa leo ni rahisi kuliko kubishana mahakamani baadaye kama ilikuwa lazima.

Mpigie kwanza. “Shikamoo mzee, habari za saiti? Ile hundi ya Ijumaa benki yenu imeirudisha. Nakutumia karatasi sasa hivi uiangalie.” Usidai kitu kwenye simu, wala usimwachie fundi au msimamizi wa saiti ujumbe huo. Mambo ya hundi ya mtu ni yake na mhasibu wake. Ukimaliza kuongea, tuma barua saa ileile, kwa baruapepe au WhatsApp, na nakala ya karatasi ipelekwe ofisini kwake isainiwe. Barua ya duka letu ingekuwa hivi:

*Machi 4, 2025*

*Kwa Mkurugenzi,*

*KUH: Hundi nambari 000412 ya Sh186,400*

*Hundi hii, mliyotupa kulipia ankara nambari 2207 ya saruji na nondo, imerudishwa leo na benki yenu bila kulipwa. Sababu iliyotajwa ni kwamba turejee kwenu mlioitoa. Tumeambatisha nakala ya hundi na ya karatasi ya benki.*

*Huenda ni jambo ambalo benki yenu inaweza kuwaeleza mara moja. Kwa sasa tunaomba mtulipe Sh186,400 kwa njia nyingine kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa, Machi 7, 2025. Mnaweza kulipa kwa Pesalink au RTGS katika akaunti iliyo kwenye ankara, au kwa Lipa na M-Pesa. Tafadhali andikeni 2207 kama kumbukumbu ya malipo.*

*Hatutaipeleka hundi hii benki tena. Tutawarudishia hundi hiyo pesa zitakapoingia. Kama mmekwisha kulipa, tutumieni nambari ya muamala. Kama kuna tatizo kuhusu mzigo au kiasi, tupigieni leo.*

*Wenu, Mhasibu*

Barua hii haina neno la hasira, lakini haimwachii mteja pa kujificha. Ina nambari ya hundi, nambari ya ankara, kiasi, siku na saa. Maneno kama “mapema iwezekanavyo” hayamo, kwa sababu kila mtu ana mapema yake. Siku tatu zinamtosha mtu kwenda benki, kuuliza na kuhamisha pesa, na bado ni muda mfupi kiasi kwamba jambo halitapoa.

Njia za malipo nazo hazikuwekwa kujaza nafasi. Kwa muamala mmoja wa M-Pesa kikomo ni Sh250,000, kwa hiyo Sh186,400 inapita. Deni lingekuwa Sh400,000, mteja angetajiwa Pesalink, ambayo huchukua hadi Sh999,999 na kufika papo hapo, au RTGS kwa pesa nyingi zaidi. Hundi ya kawaida haikutajwa kabisa. Akisisitiza kutumia hundi, mwombe hundi ya benki, ambayo benki hutoa baada ya kuchukua pesa kutoka akaunti yake. Ukipokea hundi yake nyingine, umerudi ulikokuwa Jumatatu.

Sentensi inayosahaulika zaidi ni ile ya kutoirudisha hundi benki. Wateja wengi husema, “Irudishe tu Ijumaa, pesa zitakuwa zimeingia.” Mhasibu anaipeleka. Siku hiyohiyo mke wa kontrakta, anayeshika vitabu vyake, anatuma pesa kwa M-Pesa. Hundi nayo inapita. Sasa duka limelipwa mara mbili na mteja ana haki ya kukasirika. Ikikataliwa tena, kila upande utakatwa ada nyingine. Chagueni njia moja, iandikwe.

Ada ya benki ni jambo dogo linaloweza kukorofisha kubwa. Kama masharti ya ankara yako yanasema mteja atabeba ada ya hundi iliyorudi, iongeze kwenye mstari wake peke yake, pamoja na nakala ya taarifa inayoionyesha. Kama hayasemi, iache katika barua ya kwanza. Usimfanye mtu asite kulipa laki moja na themanini kwa sababu mnabishania mia chache.

Ndani ya duka, kazi ni mbili. Futa risiti ya malipo kwenye vitabu ili deni la mteja lisomeke tena, la sivyo mwisho wa mwezi utamtumia taarifa inayosema hadaiwi. Na mwambie anayetoa mzigo kwamba oda ya mteja huyu isubiri. Hilo halihitaji kuingia kwenye barua. Lori likiwa bado halijapakiwa, limeshasema.

Na polisi? Sheria ya Makosa ya Jinai ya Kenya, kifungu cha 316A, inamfanya mkosaji anayetoa hundi akijua pesa hazitoshi au akaunti imefungwa. Adhabu ni faini isiyozidi Sh50,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Lakini kosa la pesa kutotosha haliihusu hundi ya tarehe ya mbele, na hundi nyingi tunazopokea madukani ni za namna hiyo: “Iweke tarehe kumi na tano.” Ukimtishia mteja kwa kifungu hicho, na wakili wake akijua hivyo, umeonyesha karata dhaifu kwanza. Mahakama ya madai ndiyo inayorudisha pesa, na dai la mkataba lina miaka sita. Kwa hiyo itunze hundi pamoja na karatasi ya benki mpaka pesa zionekane kwenye akaunti.

Ijumaa saa kumi ikipita kimya, Jumatatu asubuhi tuma barua ya pili. Hiyo itaje barua ya kwanza kwa tarehe, itoe siku saba, na iseme wazi kwamba baada ya hapo faili litaenda kwa wakili. Ikiwa mteja amelipa, mtumie risiti siku hiyohiyo, mrudishie hundi ikiwa imekatwa mstari, na kwa oda mbili tatu zinazofuata mwombe alipe kwa simu au benki kabla lori halijaondoka. Mteja mwaminifu atakubali, maana naye ada ilimuuma.