Sura ya 6: Kosa la mwenzako na kitenzi kinachohukumu

Watu wengi wanaofanya kazi katika vituo vya afya vya Kasongo na Kabambare wanaamini kwamba kuripoti kosa la mwenzako bila kumlaumu maana yake ni kulificha jina lake, au kuipaka ripoti asali. Siku hizi imani ya pili ndiyo inayoenea zaidi, kwa sababu inafundishwa kwenye semina: anza na sifa, weka kosa katikati, funga na sifa nyingine. Mafundisho hayo yanaleta hasara. Msimamizi anayesoma kwamba mwenzako ni mchapakazi na anapendwa na akina mama hajapata chochote cha kumwongoza kuhusu watoto waliochanjwa jana. Jina la mtu si lawama, na sifa zake hazihusiki. Lawama inakaa mahali pengine kabisa, na mara nyingi ni ndani ya kitenzi.

Nilikusudia sura hii ipitie dawa, damu, uzazi na fedha, kila kimoja kwa zamu. Lakini chupa moja ya chanjo ya surua inatosha kuonyesha karibu yote, na ni haki yake tukae nayo muda mrefu. Chanjo hii huja ikiwa poda, na huchanganywa na maji yake maalumu ya kuyeyushia. Ikishachanganywa haina dawa ya kuzuia vijidudu visizaliane, kwa hiyo hukaa kwenye baridi na hutupwa baada ya saa 6, au kipindi cha kuchanja kikiisha mapema zaidi. Anayeifungua huandika saa kwenye kibandiko. Tuseme kibandiko kinasomeka 8h10. Alasiri, muuguzi aliyepokea zamu anavuta dozi mbili kutoka chupa hiyo na kuwachanja watoto wawili. Mwenzake anaona, anatazama kibandiko, na lazima amwambie titileri, muuguzi mkuu wa kituo.

Ripoti inayokuja haraka mdomoni ni hii: “Alisahau kuangalia saa, akawachoma watoto chanjo iliyoharibika.” Inasikika kama ukweli mtupu, hata ya upole, kwa maana kusahau ni jambo la kibinadamu. Lakini mwandishi hajaona hata moja kati ya mambo mawili anayodai. “Alisahau” ni habari ya ndani ya kichwa cha mtu mwingine. Na chupa huwezi kuitazama tu ukajua kwamba chanjo yake imeharibika. Kinachojulikana ni kwamba saa zake zimepita. Sasa msikilize anayetaka kumlinda mwenzake: “Chanjo ilichelewa kutupwa.” Hapa mtendaji ametoweka, na pamoja naye zimetoweka hatua zote. Kiswahili kinatupa milango mingi ya kutokea namna hii. Chupa imevunjika, rejista imepotea, saa zimepita: vitu vinafanyika vyenyewe, kama mvua inavyonyesha. Kutoka hapo ni hatua fupi sana kufika kwenye “shetani amepita” au “kuna mkono wa mtu”, maneno ambayo hayana nafasi katika karatasi ya kazi. Anayeandika hivyo amefunga uchunguzi kabla haujaanza.

Ripoti inayofaa inaweza kuwa hivi: “Leo saa 9:20 alasiri nimemwona muuguzi wa zamu ya pili akivuta dozi mbili kutoka chupa ya surua yenye kibandiko kilichoandikwa 8h10. Watoto ni namba 14 na 15 kwenye rejista. Chupa nimeiweka kando ndani ya sanduku la baridi, haijatupwa. Nimemwuliza. Amejibu kwamba kwa kusoma kwake chupa ilikuwa imefunguliwa saa moja iliyopita.” Jina linaingia palepale penye “muuguzi wa zamu ya pili”, bila kificho. Kilichoondolewa ni hukumu peke yake. Na kibandiko kimenakiliwa kama kilivyo, bila kukitafsiri.

Nakala hiyo ndogo ya 8h10 ndiyo inayobeba ripoti nzima. Aliyefungua chupa asubuhi aliandika kwa saa ya Kifaransa, kama fomu zinavyotaka: 8h10, yaani saa mbili na dakika kumi asubuhi. Aliyepokea zamu anahesabu saa kama anavyozitaja nyumbani na sokoni, naye alisoma saa nane na dakika kumi mchana. Saa hizo mbili zinapishana kwa saa 6 kamili, na uhai wa chupa ni saa 6 kamili. Kwa hiyo kila anayekosea namna hii huiona chupa ikiwa mpya kabisa dakika ileile inapopaswa kutupwa. Chupa ilikuwa na saa 7 na dakika 10; machoni pake ilikuwa na saa 1 na dakika 10. Neno “alisahau” lingeuzika ukweli huu milele, kwa maana hakusahau. Aliangalia saa, akaisoma.

Atasema mtu: bila lawama mzembe ataponyoka. Hapana. Titileri ana jina, ana saa, ana namba za rejista, na kama muuguzi huyohuyo ataonekana tena wiki ijayo, karatasi mbili zitakaa kando kwa kando na kumfunga kuliko tusi lolote. Adhabu ni kazi ya msimamizi. Ya shahidi ni kusema alichoona. Hoja nzito zaidi ni ya heshima: mkubwa wangu kazini, aliyenifundisha kushika sindano, nitamripotije? Ninaichukua hoja hii kwa uzito. Jibu lake limo katika sentensi ya mwisho ya ripoti ile. Mwendee kwanza, “Mkubwa, nimeona hivi, nami naandika hivi,” msomee, kisha andika jibu lake kwa maneno yake. Maneno ambayo huwezi kumsomea mbele yake huenda yana hukumu ndani yake. Usengenyaji haupiti njia hiyo. Lakini kumwendea kusichukue nusu siku, maana watoto namba 14 na 15 wanapaswa kutafutwa leo. Chupa iliyoingiwa na vijidudu inaweza kumwangusha mtoto ndani ya saa chache: homa kali, kutapika, kuharisha.

Tunajua inavyokuwa pale ambapo makosa ya namna hii hayazuiwi. Mwaka 2017 watoto 15 walikufa katika kijiji cha Nachodokopele, eneo la Kapoeta, Sudan Kusini, wakati wa kampeni ya surua. Uchunguzi ulitaja vitendo: bomba moja la kuchanganyia lilitumika kwa siku zote 4 za kampeni, chanjo ilikaa bila baridi, na waliochanja hawakuwa wamefunzwa. Anayesikia habari hii bila vitendo hivyo huondoka akisema chanjo ni sumu. Kasongo inajua thamani ya kuandika kitendo kwa kitendo: mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha kazi ya mradi wa Kasongo juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35, kazi isiyowezekana bila rekodi za kila mtoto.

Titileri aliyepokea ripoti yetu ana mambo matatu ya kufanya kabla ya giza: kuwatuma watu nyumbani kwa watoto wawili, kuwapangia dozi nyingine, na kupeleka habari ofisi kuu ya zoni ya afya pamoja na chupa. La nne linaweza kungoja kesho, nalo ni dogo: kwenye kibandiko, saa ya kutupa iandikwe pamoja na saa ya kufungua, na neno “asubuhi” au “mchana” likae mbele ya kila moja.