Idadi ya Wapiga Kura wa Simiyu Haihitajiki Hapo

Picha nyingine imeingia kwenye simu, safari hii kutoka Ipililo, wilayani Maswa. Ni ukurasa wa kitabu cha takwimu. Kidole gumba kimefunika kona ya chini na kivuli cha simu kimelala juu ya mistari ya katikati. Swali linasomeka hivi: taasisi inataka kuendesha kura ya maoni mkoani ili kujua ni sehemu gani ya wapiga kura inamuunga mkono mgombea fulani. Ihoji watu wangapi ili kiwango cha makosa kisizidi asilimia 3, kwa uhakika wa asilimia 95? Chini ya picha kuna ujumbe ambao nimeusoma mara nyingi mno: "Shikamoo mwalimu. Swali hili limekosewa, hawajatoa idadi ya wapiga kura wa mkoa. Sasa tutachukuaje asilimia 10?"

Marahaba. Swali halijakosewa. Kilichokosewa ni hiyo asilimia 10, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu imeharibu kazi nyingi, kuanzia mazoezi ya darasani hadi tafiti za shahada. Kwanza tumalize hesabu, maana ni fupi.

```
n = z² × p × (1 − p) / E²
n = 1.96² × 0.5 × 0.5 / 0.03²
n = 0.9604 / 0.0009 = 1067.1
```

Wahojiwa ni 1,068. Tunapandisha juu kila mara, hata kama desimali ni ndogo, kwa sababu watu 1,067 wanakuacha nje ya asilimia 3 kwa unywele. Hiyo 1.96 inatokana na uhakika wa asilimia 95. Ile 0.5 tunaiweka kwa kuwa hatujui mgombea anaungwa mkono na wangapi, na nusu kwa nusu ndiyo hali inayodai wahojiwa wengi kuliko zote. Ukijiandaa kwa hiyo, hali nyingine yoyote imeshatoshelezwa. Na E ni 0.03, si 3. Anayeandika 3 anapata jibu la sehemu ya kumi ya mtu mmoja, na bado wapo wanaolipigia mstari mara mbili na kuliwasilisha.

Kuhusu picha yenyewe: tarakimu moja iliyofifia inabadilisha kila kitu. Kwenye karatasi yenye kivuli, 3 na 8 zinafanana sana. Ukisoma asilimia 8 unapata wahojiwa 151 badala ya 1,068. Ukisoma uhakika wa 99 badala ya 95, z inakuwa 2.576 na unahitaji 1,844. Kwa hiyo kama jibu lako limepishana na la nyuma ya kitabu, usikimbilie kulaumu kitabu. Rudi kwenye karatasi yenyewe, kwenye mwanga, usome tarakimu hizo mbili upya. Angalia pia kama wameandika kiwango cha makosa au upana wa kipindi chote: upana wa asilimia 6 ni makosa ya asilimia 3 kila upande.

Sasa tuje kwenye asilimia 10.

Imani hii inasema sampuli ni lazima iwe fungu fulani la watu wote, kwa hiyo mkoa mkubwa unahitaji watu wengi, na kijiji kinahitaji wachache. Inasikika kama haki. Tuipime. Tuseme kijiji kimoja cha kata ya Ipililo kina watu wazima 600. Asilimia 10 ni watu 60. Ukihoji 60, kiwango cha makosa ni kama asilimia 12 kila upande, hata baada ya kuzingatia kwamba kijiji ni kidogo. Mgombea akipata asilimia 50 katika sampuli hiyo, huenda kijijini anaungwa mkono na 38 au na 62. Hujajua lolote: hujui kama anashinda au anashindwa.

Halafu chukua mkoa, tuseme una wapiga kura milioni moja. Asilimia 10 ni watu 100,000. Kiwango cha makosa kinashuka hadi asilimia 0.3. Umetuma wahoji wilaya zote, umelipa nauli, posho na vocha, ili upate usahihi ambao hakuna aliyeuomba. Kanuni ileile, kwa asilimia ileile, imekupa upofu kijijini na ubadhirifu mkoani. Kanuni ya namna hiyo si ya kurekebishwa, ni ya kutupwa.

Kinachoamua usahihi ni idadi ya uliowahoji. Mnunuzi wa choroko akifika ghalani hamwagi magunia chini. Anachoma bambo, punje zinamiminika kiganjani, anahesabu mbovu na nzima. Kama mzigo umechanganywa vizuri, kiganja hicho kinasema kweli ileile iwe nyuma yake kuna gunia moja au lori zima, kwa sababu usahihi wake unatokana na wingi wa punje kiganjani. Na kama muuzaji amepanga punje nzuri juu na mbovu chini, hata uchote debe zima kutoka juu utadanganyika vilevile. Shika nusu zote mbili za mfano huu. Ya pili tutaihitaji baadaye.

Idadi ya watu wote huingia katika hesabu pale tu sampuli inapoanza kula sehemu kubwa ya watu hao. Hapo tunasahihisha:

```
n1 = n / (1 + (n − 1) / N)
```

Kwa kile kijiji cha watu 600, 1,068 inashuka hadi 385. Ndiyo, ili ubaki ndani ya asilimia 3 unahoji zaidi ya nusu ya kijiji. Kwa mkoa wa wapiga kura milioni moja unapata 1,067, pungufu ya mtu mmoja. Kwa taifa lenye wapiga kura zaidi ya milioni 23, kama daftari la mwaka 2015, unarudi kwenye 1,068 kamili. Ndiyo maana mtunzi wa swali hakutoa idadi ya wapiga kura wa mkoa. Hakusahau, haikuwa na kazi.

Hapa wengine hunijibu kwa kanuni ya Yamane, ile iliyomo karibu katika kila tasnifu, kwamba mbona yenyewe ina N ndani yake:

```
n = N / (1 + N × e²)
```

Ijaze basi. Kwa e ya 0.03 na N ya milioni moja unapata 1,110. Ongeza N hadi milioni 23, unapata 1,112. Umeongeza wapiga kura milioni 22 na kanuni imekudai wahojiwa wawili. Kanuni hiyo ni hii yetu ya juu, ila 1.96 imekuzwa hadi 2 na ile 0.5 imefichwa ndani. Kwa kuwa vimefichwa, mwanafunzi haoni kwamba amechagua kiwango cha uhakika, na akiulizwa na msimamizi kwa nini ni 95 na si 99, hana jibu.

Baada ya hapo huja hoja ya mwisho, na hii husemwa na watu wazima wenye vyeti: kura ya maoni ikikosea, basi iliwahoji watu wachache. Twende kwenye kura ya maoni ambayo Watanzania wengi wanaikumbuka. Twaweza, kupitia Sauti za Wananchi, walihoji watu 1,848 wa Tanzania Bara kwa simu kati ya Agosti na Septemba 2015. John Magufuli alipata asilimia 65, Edward Lowassa asilimia 25. Uchaguzi ulifanyika tarehe 25 Oktoba, na matokeo rasmi yakampa Magufuli asilimia 58.46 na Lowassa 39.97.

Kwa watu 1,848, kanuni yetu inatoa kiwango cha makosa cha asilimia 2.3. Pengo la Lowassa lilikuwa karibu pointi 15. Hakuna bahati mbaya ya kuchagua watu inayoweza kuzaa pengo hilo. Kuhoji watu 18,000 kusingelifunga, kwa sababu kungepunguza tu zile 2.3 hadi 0.7. Sababu lazima zitafutwe kwingine: wiki za kampeni zilizopita kati ya simu na sanduku la kura, au watu waliobaki katika kundi la wahojiwa wakilinganishwa na waliojitoa, au mhojiwa aliyeona si salama kumwambia mgeni wa kwenye simu anampigia nani. Kiwango cha makosa hakipimi hata kimoja kati ya hivyo. Kinapima bahati ya kuchagua, basi.

Kinadai pia kwamba watu wamechaguliwa kwa nasibu, mmoja mmoja, na mashinani si hivyo. Sauti za Wananchi walianza na kaya 2,000 katika maeneo 200, kaya kumi kumi, na ni busara kwa gharama. Lakini majirani kumi hufanana mawazo, kwa hiyo mtu wa kumi wa kitongoji kimoja haongezi habari nyingi kama mtu wa kwanza wa kitongoji kingine. Kufanana kukiwa hata kwa kiasi kidogo, mgawo wa 0.05, unazidisha sampuli kwa 1.45: 1,068 inakuwa 1,549. Na ukiwahoji waliokuja gulioni siku ya mnada peke yao, hakuna kizidishi kitakachokuokoa. Hizo ni punje za juu ya gunia.

Kama fedha hazitoshi, fanya hivi. Kubali asilimia 4 uhoji 601, au asilimia 5 uhoji 385, na uandike hivyo kwenye ripoti bila kuficha. Kama utafiti wa awali unaonyesha jibu liko karibu na asilimia 20, weka 0.2 badala ya 0.5 na kwa asilimia 3 utahitaji 683, ila uwe na ushahidi, si hisia. Ukitarajia watu 8 kati ya 10 ndio watakaojibu, gawanya kwa 0.8 na uandae majina 1,335. Usiahidi kupunguza makosa kwa nusu kwa nyongeza ndogo ya bajeti: kutoka asilimia 3 hadi 1.5 ni wahojiwa 4,269, mara nne.

Na kabla hujaanza, amua unataka namba ya nani. Wahojiwa 1,068 wakigawanywa sawa katika wilaya tano za Simiyu, yaani Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, kila moja inapata kama 213, na kiwango cha makosa cha wilaya kinapanda hadi karibu asilimia 7. Kwa sampuli hiyo unaweza kusema kuhusu mkoa. Huwezi kutangaza kwamba Maswa imeizidi Bariadi kwa pointi 5. Anayetaka asilimia 3 kwa kila wilaya aandae fedha za kuwahoji watu 5,340.