Kata Mbili za Nyongeza: Nani Alikubali?

Kikao kimekwisha, na mshauri mwelekezi amerudi ofisini na maandishi haya daftarini: "Kata 6, ziongezwe 2? Mkurugenzi: itapendeza. Ripoti na Kiswahili. Mwisho wa Juni." Tuseme mteja ni ushirika wa wakulima, na kazi ni utafiti wa kipato cha wanachama. Mistari hiyo inatosha kuzua ugomvi wa malipo, maana haisemi nani kakubali nini.

Kabla ya kuandika muhtasari, ayapitishe maandishi yake kwenye hadidu za rejea zilizoambatishwa na mkataba. Humo zimetajwa kata sita, kaya 40 kila kata, na ripoti moja ya Kiingereza. Tarehe ya mwisho wa Juni inalingana, basi inaingia kwenye yaliyokubaliwa. Ripoti ya Kiswahili haimo. Kata mbili nazo hazimo, na "itapendeza" ni matamanio tu, hata likitoka kinywani mwa mkurugenzi. Haya mawili yaandikwe peke yake kama maombi yanayosubiri uamuzi, kila moja na jina la aliyeomba, atakayeamua na siku ya kuamua. Mimi neno "ilikubalika" ningelifuta kila linapotokea bila mtu nyuma yake.

Ripoti ya Kiswahili inataka maswali zaidi. Ni tafsiri ya ripoti nzima, au muhtasari wa kurasa nane wa kusomwa kwenye mkutano mkuu? Nani ataipokea, na ana siku ngapi za kutoa maoni kabla haijahesabiwa kuwa imepokelewa? Bila majibu hayo, rasimu huweza kurudishwa mara nne na ankara ikakaa.

Kata mbili zifanyiwe hesabu. Ni kaya 80. Wadadisi wanne, kila mmoja akihoji kaya tano kwa siku, watamaliza siku nne. Ongeza siku moja ya safari na mbili za kusafisha takwimu, unapata siku saba. Hesabu hiyo, pamoja na posho na mafuta, inaingia kwenye hati fupi ya mabadiliko yenye namba yake: kinachoongezwa, sababu, gharama, na tarehe mpya ya kukabidhi ripoti. Mteja akiona tarehe inasogea, mara nyingi hujibu haraka kuliko alivyojibu kikaoni.

Muhtasari utumwe ndani ya siku moja au mbili, kumbukumbu zingali mbichi, ukiomba masahihisho kwa tarehe maalumu. Lakini mteja akinyamaza, usihesabu kuwa ameridhia, na muhtasari wenyewe haubadilishi mkataba. Mikataba mingi ya ushauri hudai mabadiliko yaandikwe na kusainiwa na pande zote mbili, na afisa mradi aliyehudhuria kikao huenda hana mamlaka hayo. Soma kifungu hicho kwanza, kisha wadadisi wasipande gari kwenda kata ya saba mpaka hati irudi na saini.